Mzee kapata kiharusi, gari limefungwa pedali ya kushoto, bima tuwaambie nini? (Uingereza)

Mama Neema:
Habari zenu ndugu zangu. Mzee wangu alipata kiharusi, mguu wa kulia hauna nguvu. DVLA, wale wa leseni, wameshamruhusu kuendesha, gari ni otomatiki na fundi ameifunga pedali ya mafuta upande wa kushoto. Barua ya kurinyuu bima imefika. Kwa vile DVLA wanajua, bima nao si watakuwa wanajua?

Hamisi:
Dada wanajua wote, siku hizi kompyuta zao zinaongea, ukiweka namba ya leseni tu kila kitu kinatoka. Ukijiongelesha utapandishiwa bei bure.

Kaka Baraka:
Hamisi hapo umepata nusu. Namba ya leseni inawaonyesha aina ya leseni na makosa ya barabarani, habari za kiharusi hazimo. Mama Neema, shika barua hiyo usome pale walipoandika "hakikisha maelezo haya bado ni sahihi". Mkikaa kimya na mwaka jana mlijaza kwamba hana ugonjwa na gari halijabadilishwa, sheria ya bima ya 2012 inaweza kuhesabu kimya hicho kuwa maelezo ya uongo. Wakiona ni uzembe tu na wangewapokea kwa bei kubwa zaidi, wanakata fidia kwa uwiano: tuseme mlilipa pauni 600 na wangetoza 800, gari la pauni 8,000 likifa mnapata 6,000. Wakiona mlificha makusudi wanafuta bima na premiamu hawarudishi.

Pedali nayo itajeni peke yake, maana kwao ni mabadiliko ya gari. Waulize gari likiharibika kabisa kama wanalipa na gharama ya kuifunga upya, jibu liwe kwa maandishi. Na geuzeni leseni ya mzee, safu ya 12 nyuma, mwone kama msimbo 25 upo, ndio wa pedali ya mafuta iliyobadilishwa.

Bi Asha:
Mimi nachoma insulini na leseni yangu ni ya miaka 3 miaka 3, kwa hiyo na mimi nifunge pedali??

Kaka Baraka:
Hapana Bi Asha 😄 wewe sukari yako DVLA wanaijua, bima wakikuuliza wajibu ukweli basi. Na wakipandisha bei waombe sababu, Sheria ya Usawa ya 2010 inataka wawe na taarifa za kuaminika, siyo hofu tu.

Hamisi:
Sawa nimeelewa. Ila binti yao naye analiendesha hilo gari, si atakanyaga pedali isiyo yake?

Mama Neema:
Ya kushoto inakunjwa juu, anatumia ya kawaida, na jina lake limo kwenye bima. Leo nimewapigia, kiharusi na pedali vyote wameandika na bei haijabadilika. Kilichobaki ni gari la kuazima likiwa letu liko gereji, wamesema wana otomatiki lakini ya pedali ya kushoto hawana. Kuna aliyepata bima inayotoa gari la namna hiyo?