Charizard ya 1999: ya PSA 6 au hii ya bei nusu isiyo na kasha?

kipanya_kadi: Wakuu habari, nataka kununua kadi ya Pokémon, Charizard ya 1999, nimepata mbili, moja iko ndani ya kasha la PSA, wale wanaopima kadi, wameipa daraja 6, nyingine iko wazi, muuzaji anasema kama mpya na haina kivuli, bei nusu. Ipi nichukue? Mshahara unaingia Ijumaa.

mzee_wa_makasha: Picha ziko wapi, mbele NA nyuma? Namba chini kulia ngapi? Mstari wa haki miliki unasomekaje? Bila hivyo tunapiga ramli.

dogo_kkoo: Kama haina muhuri wa toleo la kwanza hiyo ni kopi, achana nayo.

mzee_wa_makasha: Hapana dogo. Isiyo na muhuri ni halali ya 1999, ila zilichapwa nyingi mno ndo maana bei iko chini. Isiyo na kivuli ni adimu kuliko hiyo ya kawaida, angalia kivuli ukingo wa kulia wa fremu ya picha, halafu chini isomeke 1995, 96, 98, 99 Nintendo. Ikiishia 98 kabla ya Nintendo ni ya kawaida. Ikiwa 4/130 hiyo Base Set 2 ya mwaka 2000.

mama_pacha: Watoto wangu wana ya 11/108, mnanunua bei gani?

dogo_kkoo: Hiyo ya 2016 dada, mchoro wa zamani wameurudia tu.

bahari_muscat: Mimi za kuwa wazi sigusi tena. Niliuziwa moja mtandaoni, kwenye picha pembe kali kabisa, imefika nikaiweka juu ya kadi ya nishati ya bei rahisi ya seti ileile, upande mmoja ikawa fupi, kama nusu milimita hivi, kumbe mtu kakata ukingo aondoe weupe wa kuchakaa. Nikaituma kupimwa ikarudi bila daraja na ada nimelipa, muuzaji kanibloku.

mpenda_joe: Si bora ukatafute majarida ya Joe ya Nairobi, ya miaka ya 70? Ya Ng'weno na Hirst. Mengi yaliishia kufungia maandazi, yaliyobaki ndo mali.

dogo_kkoo: Atamuuzia nani mzee? Na zile pini zikishaota kutu zinakula karatasi.

mpenda_joe: Kwani lazima auze?

kipanya_kadi: Nimeangalia, ya wazi ni 4/102, inasoma 1995, 96, 98 Nintendo, na kivuli ninakiona kabisa. Picha ya nyuma kasema kesho.

mzee_wa_makasha: Basi kashakudanganya moja. Nyuma ndo kwenye mambo, ile rangi ya bluu ikichubuka ukingoni weupe unaonekana haraka. Mwambie aiinamishe kwenye taa, mkunjo mdogo hauonekani ikiangaliwa moja kwa moja, na huo mkunjo unaweza kuishusha chini ya hiyo 6.

bahari_muscat: Na hilo kasha nalo hakiki namba yake kwenye tovuti ya PSA, ila wahuni wananakili namba za kweli, so linganisha na picha kama ipo.

dogo_kkoo: Mimi bado nasema ya wazi, kama nyuma ni safi. Kasha haliongezi uzuri wa kadi.

mzee_wa_makasha: Kipanya hujasema, unaweka ukutani au unauza mwakani?

kipanya_kadi: Vyote viwili 😅