Pendekezo la kurasa 41, Mama Mkurugenzi anasomea kwenye simu: nilifupishe vipi?

Fundi_Katuba
Wakubwa, habari za jioni. Ninafanya kazi kwenye depo ya samaki hapa Lubumbashi. Nimeandika pendekezo la kuweka sola na batri ili jenereta ipumzike, kurasa 41. Mama Mkurugenzi, ambaye ndiye anatoa pesa, yuko njia ya Kasumbalesa karibu kila siku na kila kitu anasomea kwenye simu. Nilimtumia, akajibu "nitaangalia", basi. Sasa nataka kumwandikia imeili fupi. Nimeanza hivi:

"Kufuatia matatizo ya umeme yanayoendelea, tumefanya uchunguzi wa kina kuhusu mzigo wa kompresa tatu, mwanga wa jua, aina za batri na ukubwa wa inveta. Sehemu ya 1 inaeleza hali ilivyo. Sehemu ya 2..."

Inaendelea hivyo hadi sehemu ya 7, na naona haifiki popote. Kinachonisumbua zaidi ni sehemu ya 4, umeme mwingi ambao kompresa inavuta inapowaka. Kazi yangu kubwa iko pale, siwezi kuiacha.

Kijana_Ruashi
Ndugu, hiyo rahisi. Fungua faili, hifadhi upya picha zikiwa na ubora mdogo. La kwangu lilitoka MB 22 likafika 3.

Fundi_Katuba
Asante ndugu, nilimaanisha maneno. Lakini umenikumbusha: faili langu lina MB 19, michoro ya paa imejaa. Huenda hajalifungua kabisa.

Yaya_Kamalondo
Mdogo wangu, nimeandaa mafaili ya wakurugenzi muda mrefu upande wa hesabu. Ulichoandika ni orodha ya yaliyomo. Anayesoma anajua umefanya nini, hajui unataka nini kwake. Weka kurasa 41 pembeni, usizifupishe. Jiulize: Mama akisema "sawa", mkono wake utatia sahihi wapi, kwa pesa ngapi, kabla ya tarehe gani? Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza. Tupe namba tuone.

Fundi_Katuba
Umeme unakatika wastani wa saa 8 kwa siku. Jenereta inakula lita 40 za mazutu katika saa hizo, na sisi tunainunua dola 1.50 kwa lita, kwa hiyo ni 1,800 kwa mwezi. Oili, filta na fundi ni kama 200. Jumla 2,000. Tukiweka sola, jenereta itabaki kwa siku za mawingu mazito tu, lita 8 kwa siku kwa wastani, na matengenezo yanashuka hadi 40. Jumla 400. Mtambo ni dola 64,000.

MamaNaomi_Kampemba
Mimi nauza vitu, nakuambia: bei iweke mwisho. Mwonyeshe kwanza faida, apendezwe, ndipo ataje mwenyewe "ni ngapi?" Na imeili isipite kioo kimoja cha simu.

Yaya_Kamalondo
Mama Naomi, la kioo kimoja nakubaliana nawe kabisa. La bei, hapana. Mteja dukani unamwona uso, unajua wakati wa kutaja. Kwenye simu Mama atateleza kwa kidole akitafuta namba, na akiikuta chini, yote ya katikati ameyaruka. Bei iwe juu, lakini isikae peke yake: ifuatane na akiba. Fundi anaokoa 1,600 kila mwezi. Gawa 64,000 kwa 1,600, ni miezi 40. Hizo namba tatu zinatosha. Usimwekee paneli ngapi wala kVA ngapi.

Kuhusu sehemu ya 4: jambo la kiufundi linabaki kama linabadilisha atakacholipa, au watu watakachofanya, au lawama itakayomfikia. Hiyo hesabu inabadilisha nini?

Fundi_Katuba
Inveta ya 30 kW haiwezi kuwasha kompresa tatu kwa mpigo, itajizima. Lazima ziwake moja baada ya nyingine. Ningeweka inveta kubwa zaidi, lakini bei inapanda sana.

Yaya_Kamalondo
Basi kurasa zako zote za sehemu ya 4 ni sentensi moja, na ni muhimu: "Kompresa zitawaka kwa kupokezana, mtu akiziwasha zote kwa mpigo, mtambo unajizima." Hilo likitokea usiku na samaki wamejaa, atakuuliza kwa nini hukumwambia.

Swali jingine. Hizo 64,000 ni kabla au baada ya ushuru?

Fundi_Katuba
Muuzaji analeta hadi uani kwetu. Ushuru ni juu yetu.

Yaya_Kamalondo
Hapo sasa. Usitume mpaka deklaranti akupe namba. Ukimwandikia 64,000, hiyo ndiyo atakayoikumbuka. Ukirudi wiki ijayo na nyongeza, hata akiba yako ataanza kuitilia shaka.

Papa_Kipushi
Mimi tuliweka sola kwenye pampu ya maji. Baadaye umeme ukatengemaa mtaani kwetu, mtambo ukabaki unangoja tu. Mwambie Mama jambo hilo. Kwenye kurasa zako lipo?

Fundi_Katuba
Lipo, ukurasa wa 33, papa. Kukatika kukishuka hadi saa 4, akiba inakuwa nusu, 800, na muda wa kurudisha pesa unaongezeka mara mbili.

MamaNaomi_Kampemba
Ukiandika hilo umejinyima mradi. Liache kwenye kurasa 41, akitaka atalikuta.

Papa_Kipushi
Na asipolikuta? Pesa ni yake, mama.

Yaya_Kamalondo
Namuunga mkono papa. Lakini iwe sentensi moja, yenye namba, bila kuomba radhi.

Fundi_Katuba
Deklaranti amejibu: ushuru na gharama zake ni 8,000. Sasa ni 72,000, miezi 45. Hii hapa, faili nimelipunguza hadi MB 2 (asante Ruashi):

*Kichwa: Idhini ya dola 72,000 kwa sola ya depo, kabla ya tarehe 28*

*Mama Mkurugenzi, shikamoo.*

*Naomba idhini yako ya dola 72,000, ushuru ukiwa ndani, tuweke sola na batri kwenye depo. Leo jenereta inatugharimu 2,000 kwa mwezi. Baadaye itakuwa 400. Pesa inarudi baada ya miezi 45.*

*Hesabu hii inategemea umeme kukatika saa 8 kwa siku kama sasa. Ukikatika saa 4 tu, itachukua miezi 90.*

*Jenereta inabaki kwa dharura. Kompresa zitawaka kwa kupokezana. Mtu akiziwasha zote kwa mpigo mtambo unajizima, kwa hiyo nitawafundisha walinzi wa usiku.*

*Bei ya muuzaji inaisha tarehe 28. Ukikubali, jibu "ndiyo" nami nitakuletea mkataba utie sahihi. Maelezo yote yako kwenye faili.*

MamaNaomi_Kampemba
Imekaa vizuri. Lakini hiyo miezi 90 bado inanitisha, mimi nisingeiweka.

Yaya_Kamalondo
Kitu kimoja tu: umemwonyesha njia ya "ndiyo" peke yake. Ongeza kwamba asipokubali, jenereta inaendelea kwa 2,000 ileile, na kama itahitaji kufunguliwa injini mwaka huu, taja bei. Unayo?

Fundi_Katuba
Ya injini sina, yaya. Kesho asubuhi namuuliza mekanisia, halafu natuma.

Papa_Kipushi
Muulize pia jenereta ina saa ngapi tangu ifunguliwe mara ya mwisho. Mita iko kwenye jenereta yenyewe.