Naomba ushauri: programu ya kurudia aya kwa mtoto anayehifadhi nyumbani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nipo Kisumu, na binti yangu wa miaka minane anahifadhi Suratun-Nabaa nyumbani kwa programu ya simu, kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, ambaye kisomo chake cha taratibu kinamsaidia sana katika makhraja.

Nimeiweka irudie kila aya mara tano, na akiisikia aya moja moja anaisoma vizuri. Tatizo linatokea kwenye maungio: akimaliza "Kallaa saya'lamuun" ya aya ya 4, anairuka ya 5, inayotofautiana nayo kwa neno "thumma" tu, na kuingia ya 6. Nadhani sababu ni kwamba hajazoea kusikia mwisho wa aya ukifuatana na mwanzo wa inayofuata.

Sasa nimeanza kurudia aya ya 4 hadi ya 6 kwa pamoja, lakini sauti haimwachii nafasi ya kusoma mwenyewe, naye anaishia kuifuatisha tu. Je, mnaijua programu inayorudia kundi la aya na kunyamaza kwa muda wa kutosha kila baada ya aya? Tena, iweze kupakua sauti, kwani bando huisha haraka.