Naombeni ushauri: odita wanataka ushahidi wa nani aliingia kwenye data ya hesabu na nani alikagua

kijana_wa_kizingo: Salaam wakubwa. Mie niko aiti kampuni ya klia na fowadi hapa Mombasa. Odita wanafika Alhamisi, wanataka robo ya Aprili mpaka Juni: orodha ya waliokuwa na ruhusa kwenye mfumo wa hesabu, na ushahidi kwamba meneja aliipitia. Nimetengeneza Eksel ina majina 34, bosi ameshasaini. Inatosha ama niongeze skrinshoti?

dada_bamburi: Ongeza skrinshoti. Sie mwaka jana tulirudishwa kwa kuwa orodha haikuonyesha imetoka wapi. Piga picha yenye kwiri yenyewe, tarehe na saa, na idadi ya mistari, halafu idadi hiyo ilingane na Eksel.

bahari_tulivu: Mie odita walinishikia laptopu siku 3 nzima, nikaapa sirudi tena kwenye uhasibu, sasa nauza vipuri Mwembe Tayari na nalala usingizi wangu vizuri.

mzee_wa_shimanzi: Mwanangu, hiyo orodha umeitoa lini, na bosi alisaini lini?

kijana_wa_kizingo: Ameandika tarehe 5 Julai.

mzee_wa_shimanzi: Sikuuliza ameandika nini. Alisaini lini?

kijana_wa_kizingo: Jana usiku. Lakini nielewe mzee, Julai meli zilikuwa zimebanana hakuna aliyekumbuka, na majina ni yale yale, hakuna aliyeongezwa. Ni karatasi tu tumechelewesha.

dada_bamburi: Loo! Basi futa, mwambie asaini upya bila tarehe.

mzee_wa_shimanzi: Hapana, dada, karatasi isiyo na tarehe haimsaidii mtu. Na kijana, odita akifungua faili lako ataona `Created` ni jana. Shika jambo hili: nani alikuwa na ruhusa Juni unaweza kulijua hata leo, lakini kwamba ilikaguliwa Julai huwezi kulitengeneza, kwa sababu halikutokea. La kwanza lifanye vizuri. Mna bakapu ya 30 Juni?

kijana_wa_kizingo: Ipo, PostgreSQL, `pg_dump` ya kila usiku.

mzee_wa_shimanzi: Irudishe kwenye mashine ya majaribio, usiguse seva ya kazi. Majina ya watumiaji wa mfumo yamo kwenye jedwali lenu, kwa hiyo yatatoka kama yalivyokuwa siku ile. Wale wanaoingia moja kwa moja kwenye databesi `pg_dump` haiwabebi, hao wanatoka na `pg_dumpall`. Kama hamkuichukua, waambie odita wazi kwamba kipande hicho hamna.

```
SELECT username, role, last_login
FROM app_users WHERE active;
```

Kisha chukua kwa eichia orodha ya walioacha kazi, ilinganishe jina kwa jina.

mswahili_halisi: Mie naona hii stori ya kutunga. Aiti gani hajui faili lina tarehe? Huyu ni odita mwenyewe anatuchimba, ama anataka afundishwe kughushi kwa ustadi.

bahari_tulivu: Hata mie nimeanza kushuku, mbona hasemi huyo bosi yumo kwenye orodha ama hayumo?

kijana_wa_kizingo: Situngi wallahi. Bosi yumo. Anaidhinisha malipo, na amejipitia mwenyewe. Sikuona shida, ndiye mkubwa wetu.

mzee_wa_shimanzi: Jina lake alipitie mtu mwingine, mkurugenzi au mwenye kampuni. Na hiyo karatasi ya jana msiichane, ishakuwa sehemu ya yaliyotokea. Fanyeni ukaguzi leo kwa tarehe ya leo, semeni robo ile haukufanyika. Odita ataandika dosari, ndiyo, halafu atauliza kama kuna aliyeitumia nafasi hiyo. Hapo ndipo unapotakiwa uwe na jibu.

kijana_wa_kizingo: Nimerudisha bakapu. Zimetoka 38, si 34. Ile Eksel nilitoa kwa mfumo wa leo. Wanne akaunti zao zilifungwa Agosti, na wawili kati yao walikuwa washaacha kazi Mei.

dada_bamburi: Na ulisema majina ni yale yale.

mzee_wa_shimanzi: Hao wawili waangalie `last_login` kwenye mfumo wa leo, si kwenye bakapu, bakapu inaishia Juni. Ikiwa ni kabla hawajaondoka, hapo akaunti ilibaki wazi ila haikutumika kwa njia hiyo, na ushahidi ndio huo.

kijana_wa_kizingo: Mmoja ni Aprili. Mwingine, yule mhasibu, ni 9 Julai.

mswahili_halisi: Nimenyamaza.

mzee_wa_shimanzi: Hiyo ni ya mwisho tu, huenda zipo nyingine kabla yake. Tafuta logi ya mfumo kabla haijafutwa, ona aipi, kisha ona vocha zilizoingizwa kwa jina lake kuanzia Mei. Nakili zote, usisahihishe chochote.

kijana_wa_kizingo: Logi inaanzia 1 Julai. Aipi ni ya mashine ya ghorofa yetu. Vocha 2. Naingia kwa mkurugenzi sasa hivi, bosi sijamwambia.

dada_bamburi: Chukua nakala mkononi kabla hujaingia.