Tupeane uzoefu: uliwezaje kulitambua kundi la waimbaji kwa sauti zake pekee?

Mwanzisha mada, Buruburu

Wapendwa, naomba tukusanye hapa visa vya wale waliowahi kubaki na kipande cha wimbo ulioimbwa bila ala, wakiwa hawalijui kundi lililouimba, kisha wakalipata. Sizungumzii wimbo wenye gitaa na ngoma. Nazungumzia sauti chache zilizobanana, kiasi kwamba kinachobaki kichwani si maneno, bali jinsi sauti zilivyokaa pamoja na jinsi waitikiaji walivyojibu.

Nianze na langu. Nyumbani kwetu kulikuwa na kanda iliyonakiliwa River Road, isiyo na jalada wala maandishi, na kanda yenyewe imeshapotea. Walikuwa wanaume, waliimba kwa Kiingereza, na hapakuwa na chombo hata kimoja. Besi haikuiga ngoma. Ilitamka maneno pamoja na wenzake, isipokuwa mwisho wa mstari ambapo wengine walishikilia noti nayo ikatembea peke yake kwenda chini. Mstari ninaoukumbuka kwa solfa ni so so la so fa mi. Nimeuimba mbele ya wanakwaya kadhaa na hakuna aliyeutambua, na programu ya simu ya kutafuta wimbo kwa kuuvumisha nayo haikuupata.

Mwalimu wa Kwaya

Kabla hatujataja kundi lolote, tazama noti uliyotulia juu yake. Umemalizia kwenye mi. Nyimbo nyingi za aina hiyo huituliza tuni yake kwenye do, na mtu anayemalizia mi mara nyingi hakubeba tuni, amebeba sauti iliyo juu ya tuni. Katika kundi la wanaume wanne, tuni kwa kawaida hushikwa na sauti ya pili kutoka juu. Tena ya kwanza hupita juu yake, baritoni hujaza nafasi iliyobaki, na besi husimama chini. Sisi tuliolelewa kanisani tumezoea tuni kuwa kwa soprano, kwa hiyo sikio linachukua sauti ya juu kabisa na kuiita wimbo.

Fanya hivi: shusha mstari wako wote hatua mbili za ngazi, uimbe mi mi fa mi re do. Uimbie mtu yule yule aliyeshindwa kukujibu, na usimwambie chochote kabla. Mimi nimewaona watu wakiutambua papo hapo wimbo waliokana kuufahamu, kwa sababu mara ya kwanza waliimbiwa sauti ya tena, nao wanaijua tuni. Hata ile programu ya simu hulinganisha umbo la tuni. Ukiivumishia sauti ya kuitikia, umeipa umbo la kitu kingine.

Jaribio hili lina mipaka yake. Zipo tuni halali zinazomalizia mi au so, na zipo nyimbo ambamo tena ya kwanza na tuni hazitembei sambamba hata kidogo, bali moja hubaki palepale huku nyingine ikipanda. Likikataa, usilazimishe.

Kijana wa Kasarani

Mimi sioni ugumu. Wanaume, Kiingereza, hakuna ala, nyimbo za Mungu, na kanda ni ya miaka ile: hao ni Take 6. Kwetu ni Waadventista, na Take 6 walianzia katika chuo cha Waadventista huko Huntsville, Alabama. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1988 haina chombo, na kila nyumba ya marafiki zetu ilikuwa nayo.

Binti wa Kariobangi

Kijana amesema kweli kuhusu chuo na kuhusu albamu, lakini maelezo ya mwanzisha mada yanamkataa. Take 6 ni watu sita, na sauti sita huruhusu kurundika noti ambazo hazimo katika mapatano ya kawaida ya tenzi. Ukijaribu kuimba sauti ya tatu au ya nne yao peke yake, inasikika kana kwamba imepotea njia, na inapata maana tu ikiunganishwa na nyingine. Huo ni mpangilio wa jazi. Mtu aliyeusikia hukumbuka ladha ya mwisho wa mstari, wala si rahisi abaki na kipande safi kama so so la so fa mi. Isitoshe, besi yao mara nyingi huiga gitaa la besi, na vinywa vingine huiga ngoma.

Mimi niliwahi kutafuta kundi lililoiga ngoma kwa mdomo, na kila mtu alinielekeza kwa Take 6 kwa sababu hiyo hiyo ya ngoma. Niliyekuwa namtafuta ni kundi liitwalo Acappella, lililoanzishwa na Keith Lancaster mwaka 1982, lenye mizizi katika Makanisa ya Kristo, ambako ibada huimbwa bila vyombo. Kilichonisaidia kuwatenganisha ni kiongozi. Kwa Acappella, sauti moja inasimama mbele waziwazi na kubeba ubeti, na wengine nyuma yake wanarudia silabi fupi au neno moja la ubeti huo, tena na tena, kama mashine ya cherehani inayoshona chini ya kitambaa. Kwa Take 6, mara nyingi maneno hutembea kwa sauti zote sita pamoja, na kiongozi akitokea hutoka ndani ya kundi kisha akarudi. Kwa hiyo usiulize tu kama kulikuwa na ngoma ya mdomo. Uliza waitikiaji walikuwa wakisema nini wakati kiongozi anaimba.

Alto wa Kayole

Naomba msaada kwa jambo linalofanana. Kwaya yetu imepata wimbo wa wanaume wanne na tumeamua akina mama tuimbe ile sauti ya juu, wanaume washike tatu zilizobaki. Noti ni zile zile, lakini wimbo haufanani na tuliousikia. Je, tupandishe ufunguo?

Mwalimu wa Kwaya

Dada, swali lako ni la kufundisha wimbo na hapa tunatafuta kundi, lakini jibu lake linatufaa sote. Bila shaka mnaiimba sauti ile oktavu moja juu ya pale tena alipoiimba. Noti zina majina yale yale, ila pengo limefunguka kati yenu na wanaume, na sauti hazijabanana tena. Kupandisha ufunguo hakutaliziba pengo hilo. Mpeni sauti hiyo mwanamume wa tena mwenye sauti nyepesi, au ninyi alto mwimbe pale pale chini alipoimba yeye. Kwa anayetafuta kundi, funzo ni kwamba ukikumbuka sauti ya juu iliyoshikamana na nyingine bila pengo, huenda ni mwanamume, hata kama kumbukumbu inakuambia ni mwanamke.

Mzee wa Kanda

Nimeuza na kunakili kanda kwa muda mrefu, na naomba kuongeza jambo ambalo wanakwaya husahau. Mashine za kunakilia hazikuwa na mwendo mmoja. Kanda ikienda haraka kwa asilimia 6 hivi, wimbo wote hupanda nusu noti, na wimbo wa dakika 4 hupungua kwa kama sekunde 14. Ikinakiliwa tena kutoka nakala hiyo kwa mashine nyingine ya haraka, hupanda zaidi. Besi nzito inakuwa baritoni, na tena anakaribia kuwa mama. Kwa hiyo msimkatae mtu kwa sababu tu ufunguo haulingani na rekodi halisi. Pimeni urefu wa wimbo kwa saa, kisha msikilize mtikisiko wa sauti mwishoni mwa mistari: ukiwa wa harakaharaka kwa waimbaji wote kwa pamoja, kosa ni la kanda.

Kwa maelezo ya mwanzisha mada, mimi ningeanza na King's Heralds. Ni wanaume wanne walioimba katika kipindi cha redio ambacho sisi hapa tunakifahamu kwa jina la Sauti ya Unabii. Maneno hutamkwa kwa pamoja, mapatano ni ya tenzi bila marundo ya jazi, tuni iko kwa tena wa pili, na besi Jim McClintock alikuwa na tabia hiyo hiyo ya kutembea chini wakati wengine wameshikilia. Waliimba kwa lugha nyingi, kwa hiyo Kiingereza pekee si ushahidi mkubwa.

Msomaji wa Ngara

Na Ladysmith Black Mambazo je? Nao hawatumii ala, na mimi niliwatambua kwa besi tu. Niliwasikia kwanza wakimwitikia Paul Simon katika albamu yake ya 1986, nikabaki natafuta ni nani wale walio nyuma yake.

Binti wa Kariobangi

Kwa kisa chako besi ilitosha kwa sababu kundi lile limepangwa kinyume cha makundi tunayoyataja. Wengi wao ni besi, juu yao wako alto mmoja na tena mmoja, na kiongozi, wakati huo Joseph Shabalala, anaita peke yake huku ukuta ule wa besi ukimjibu kwa upole. Katika kundi la watu wanne, besi ni mtu mmoja na unaweza kumfuata kwa sikio. Mwanzisha mada anakumbuka besi iliyotembea peke yake, na hiyo ni besi ya mtu mmoja.

Mwanzisha mada, Buruburu

Nimefanya kama Mwalimu alivyoelekeza. Nimemwimbia shangazi yangu mi mi fa mi re do, na kabla sijafika mwisho alinipokea na maneno ya utenzi wa zamani. Niliporudi juu kwenye so, yeye akiendelea na tuni, sauti zilikaa kama kwenye kanda. Kisha nikasikiliza rekodi za King's Heralds za utenzi huo. Rekodi iko chini kidogo ya ninavyokumbuka, jambo linaloafikiana na maelezo ya Mzee, na besi inashuka palepale.

Mzee wa Kanda

Usifunge bado. Mwaka 1982 kipindi kile kilisitisha kundi hilo, na waimbaji wale wale wanne wakaendelea kuimba pamoja kwa jina la The Heralds. Sauti ni zile zile na upangaji ni ule ule. Kwa kanda isiyo na jalada, sikio halina njia ya kuwatenga.

Binti wa Kariobangi

Labda orodha ya nyimbo itawatenga. Unakumbuka ni wimbo gani uliofuata huo kwenye upande ule? Nyimbo mbili zinazofuatana zinaweza kulinganishwa na mpangilio wa albamu, ikiwa aliyenakili hakuchanganya.

Mwanzisha mada, Buruburu

Nakumbuka mwanzo wake tu: besi ilianza peke yake, kisha wengine wakaingia mmoja mmoja kutoka chini kwenda juu. Nitamuuliza shangazi kama anaweza kuitoa tuni yake, nami nitaiandika hapa kwa solfa.