Windows kujisafisha yenyewe: Temp, Downloads na Recycle Bin, tupeane uzoefu

steshenari_ligula:
Wakuu habari za usiku. Nina kasteshenari hapa Mtwara mjini, kompyuta moja ndo inafanya yote, kuprinti, kuskani, kuombea watu ajira mtandaoni. Diski ni SSD ya 128GB, yenyewe Windows inaionyesha kama 119 hivi, na kila baada ya muda C inakuwa nyekundu, Word inagoma kusevu na mteja kasimama. Nikiingia Settings > System > Storage nakuta Downloads ndo imekula kuliko vyote, mtu anatuma cheti na kitambulisho WhatsApp, nadaunlodi, naprinti, kinabaki humo humo. Sasa kuna hii Storage Sense. Mlioiwasha mmeweka siku ngapi na imewafanyia nini? Nataka yaliyowakuta.

fundi_chikongola:
Mkuu pale kuna vitu vitatu na watu wanavichukulia kama kimoja. Temp acha iwashwe, yale ni mabaki ya programu na kinachotumika muda huo hakiguswi. Recycle Bin nayo haina shida, kitu kimefika mle kwa sababu wewe mwenyewe ulibonyeza delete, siku 30 zinatosha mtu kurudi akaulizia CV yake. Ya Downloads ndo ya kuiogopa, pale hakuna mtu aliyeamua kufuta, ni kalenda tu, na Windows wenyewe wanaileta ikiwa Never, mpaka wewe uibadilishe. Kompyuta za wateja wangu naweka Every week, maana ile ya kuanzia, During low free disk space, inasubiri mpaka nafasi ikaribie kuisha na wewe ushaanza kuteseka. Bin 30, Downloads naiacha Never.

korosho_ghafi:
Nipo Tandahimba, nafanya ukarani AMCOS. Kuna kijana alikuja kutuwekea Windows upya, akaiweka Downloads siku 60, akasema mtanikumbuka. Na kweli. Minada ikianza Oktoba ni mbio, orodha ya mauzo inadaunlodiwa, listi ya malipo inadaunlodiwa, inaprintiwa, inabandikwa ubaoni, mnada mwingine huo umefika. Mwezi wa nne mzee anakuja na stakabadhi zake mkononi anasema kilo za mnada wa pili hazikulipwa zote, naingia Downloads nakuta vitu vya juzi juzi, Bin hamna kitu, na karatasi ya ubaoni ilishaliwa na mvua. Tukaanza kuomba listi upya, tumezungushwa mpaka basi. Siku hizi kila mnada una folda yake D yenye tarehe, na Downloads tumerudisha Never. Kazi yetu faili linalala miezi sita halafu ndo linatafutwa, siku 60 inayoishia ile sio kitu.

dogo_nachingwea:
Mnaikuza tu hii. Mimi nimewasha kitambo, inasafisha kila wiki hata bila bando kwa sababu iko ndani ya Windows, haihitaji neti. Na hesabu yake rahisi, faili likipita siku 30 tangu ulidaunlodi linaondoka, C na D zote.

fundi_chikongola:
Dogo umepatia ya kila wiki, hayo mengine hapana. Microsoft wameandika wenyewe kwamba inafanya kazi kompyuta ikiwa imeingiwa na iko mtandaoni zaidi ya dakika 10. Hesabu ya Downloads sio tangu ulidaunlodi, ni tangu lilipofunguliwa mara ya mwisho. Na inashughulika na C tu, D haiigusi. We nadhani unashinda kwenye waifai ndo maana hujaona.

steshenari_ligula:
Aisee hiyo ya dakika 10 ndo imenifungua! Mimi nawasha hotspoti ya simu, navuta faili la mteja, nazima, bando lenyewe la kuungaunga. Kumbe inaweza kupita mwezi haijagusa kitu.

fundi_chikongola:
Basi usiisubiri. Ukurasa huo huo wa Storage Sense shuka mpaka chini kuna Run Storage Sense now, bonyeza Jumamosi kabla hujafunga. Ila kabla ya kubonyeza angalia Downloads umeweka nini, maana itafuata hizo siku ulizochagua.

bi_mkubwa_lindi:
Wanangu na mimi simu imejaa, WhatsApp inasema nafasi hakuna, hiyo Storage Sense kwenye Samsung naikuta wapi?

dogo_nachingwea:
Shikamoo bi mkubwa, hii ni ya kompyuta. Kwa simu ingia WhatsApp, mipangilio, sehemu ya hifadhi, utaona kundi lipi limejaza video. Nakuhakikishia ni la harusi.

dada_mikindani:
Mimi niko kinyume na fundi. Kwangu Downloads ni jalala la wateja, nimeiweka siku 14 na cha kwangu hakilali mle hata siku moja. Mnaogopa kupoteza listi, mimi naogopa vitambulisho vya watu vimejazana kwenye kompyuta ambayo kila kijana wa zamu anaifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, siku mtu akiuliza kopi ya kitambulisho chake mwaka mzima inafanya nini kwangu sina jibu.

mwl_masasi:
Dada nakuelewa, ila hiyo "lilipofunguliwa" mimi siiamini. Nilikuwa na azimio la kazi PDF ndani ya Downloads, nalifungua kila Jumatatu, na bado lilipotea. Windows inajuaje nimelifungua?

fundi_chikongola:
Mwalimu fungua Command Prompt kama Administrator uandike hii:

```
fsutil behavior query disablelastaccess
```

Ikijibu 1 au 3, diski yako haiandiki muda wa kufunguliwa. 0 au 2 inaandika. Kama Storage Sense inategemea hiyo hiyo au ina daftari lake lingine, hapo siwezi kukuapia.

mwl_masasi:
Imejibu 3. Sasa sijui nilie au nicheke.

steshenari_ligula:
Mimi nimeamua hivi: nabadilisha brauza idaunlodi D:\Wateja moja kwa moja, C ipumue. Lakini D Storage Sense haifiki, nani atafuta?

fundi_chikongola:
Tumia forfiles. Anza na hii ambayo inakuonyesha tu, haifuti:

```
forfiles /p "D:\Wateja" /s /d -14 /c "cmd /c if @isdir==FALSE echo @path"
```

Ukiridhika na orodha, toa echo uweke del. Ila sikiliza, hii inaangalia tarehe faili lilipobadilishwa mara ya mwisho, na ukikopi kutoka kwenye fleshi tarehe hiyo haibadiliki. Mteja akikuletea leo barua aliyoandika 2023 ukaiweka mle, kwa forfiles hiyo ina miaka, itaondoka usafi unaofuata hata kama ameileta asubuhi. Kwa hiyo vya fleshi viwe na folda nyingine, D:\Wateja ibaki ya vilivyodaunlodiwa na vya skana. Na vikifutwa kwa del havipiti Bin.

korosho_ghafi:
Na hiyo inajiendesha au mpaka uandike kila siku?

fundi_chikongola:
Unaiweka Task Scheduler, tuseme Jumamosi saa 12 jioni. Umeme ukikatika muda huo inapitwa, kwa hiyo kwenye kichupo cha Settings weka tiki kwenye Run task as soon as possible after a scheduled start is missed. Wewe wa AMCOS lakini usiiguse, kwako hakuna cha kufuta mpaka wakaguzi wapite.