Tupeane uzoefu: baruapepe za Kifaransa mnazifungaje?

Karafuu_Unguja: Wadau, nauza viungo, mnunuzi wangu yuko Marseille. Barua ya tatu tu nikafunga kwa "Amicalement", nikijiona mkarimu. Akajibu mistari miwili, chini "Cordialement" peke yake. Nimemkosea?

Buja_Kahawa: Pole dada. "Amicalement" ni ya watu ambao urafiki wao umeshakolea, si wa mzigo wa kwanza. "Cordialement" ni ya kila siku, haina baridi wala joto. "Bien cordialement" imeongezwa moto kidogo. Mimi humwangalia mwenzangu kafungaje, namrudishia ileile. Akipanda napanda, simtangulii. Mteja wangu wa Lyon alikaa kwenye "Cordialement" miezi mitatu. Siku alipoandika "Bien à vous" nikajua tumezoeana. Baadaye mzigo ukachelewa wiki mbili, akarudi kwenye "Cordialement" tupu. Hakunifokea, lakini siku hiyohiyo nilimpigia simu.

Fundi_Dodoma: Mbona mnahangaika? Mimi humalizia "Wako katika ujenzi wa taifa" na nalipwa vizuri tu.

Buja_Kahawa: Kaka, tunaongelea Kifaransa 😂

Mwl_Kalemie: Tumieni ile ndefu, heshima haimchomi mtu: "Veuillez agréer, Madame, l'expression de mes salutations distinguées."

Mama_Lubum: Mwalimu, shikamoo, ila hapo pana mawili. Wahariri wa zamani walikuwa wakiikata kwa kalamu nyekundu: hisia ndizo zenye "expression", salamu unazitoa moja kwa moja. Kwa hiyo ni "l'expression de mes sentiments distingués" au "mes salutations distinguées". Nimekuwa katibu muhtasi miaka mingi, nimezipiga chapa hizo mpaka usingizini. Na ulivyomwita juu ndivyo umwite chini: ukianza "Madame la Directrice", usimalize na "Madame" kavu. La pili, ile ndefu ni ya kuomba kazi, kudai haki au kuandikia ofisi mara ya kwanza. Mliyezoeana ukimtumia ghafla, atadhani umeshaenda kwa wakili.

Kijana_Goma: Mimi kwenye simu naandika "Cdt" badala ya "Cordialement", naokoa muda.

Mama_Lubum: Mwanangu, unaokoa herufi tisa ili mtu aone hakustahili hata hizo tisa. Afadhali "Bonne journée".

Mwl_Kalemie: Marahaba mama, nimekubali kwenye "expression". Lakini hiyo "Bien à vous" mnayoisifu, sisi tulifunzwa ni ya mkubwa kumwandikia mdogo. Mdogo haianzishi.

Buja_Kahawa: Wateja wangu wanaitumia pande zote, mwalimu.

Mwl_Kalemie: Wateja wako si mkurugenzi wangu.

Karafuu_Unguja: Sasa nimwombe radhi?

Mama_Lubum: La. Rudi "Cordialement" kimyakimya, kama hukuwahi kuandika lile.

Karafuu_Unguja: Nilirudi jana. Leo kaandika "Bien cordialement et bonne journée". Ila sampuli nazo zimemfikia leo, sijui kilichompasha moto ni mimi au karafuu.